Barua Dhidi ya Bosi Anayefoka: Mafunzo Niliyopata Minneapolis

Vijana wetu wa Minneapolis na Saint Paul huniletea barua zao za malalamiko kabla ya kuzifikisha kazini. Wengi wanakaa Brooklyn Park na Brooklyn Center, wanafanya kazi kwenye nyumba za wazee, hospitalini, magodauni na maofisini. Kisa ni kilekile: msimamizi anawafokea mkutanoni mbele ya wenzao mpaka mtu hajui auweke wapi uso wake. Mimi mwenyewe niliandika barua ya namna hiyo nilipokuwa karani wa chini katika ofisi moja ya madai ya bima za afya. Miaka ikapita, nikapanda cheo, nikawa miongoni mwa wanaozipokea. Si mwanasheria, lakini nimekaa pande zote mbili za meza, na haya ndiyo ningependa kijana ayajue kabla hajashika kalamu.

1. Kufoka peke yake hakuvunji sheria

Siku nilipoingia kwa afisa utumishi, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Anawafokea watu wote, au kuna anaowachagua?" Nikajibu haraka, tena kwa msisitizo, kwamba anawafokea wote, haachi mtu. Nilidhani jibu hilo linaipa kesi yangu uzito. Kumbe kisheria ndipo nilipoipunguzia.

Nimekulia Tanga. Kwetu mtu mzima akimtukana mwenzake hadharani, wazee huitwa na kikao hukaa. Nilikuja Marekani nikiamini kwamba nchi yenye sheria ya kila kitu lazima ina sheria ya jambo hili pia. Haina. Minnesota, kama karibu majimbo yote, mwajiri wa sekta binafsi anaweza kukuachisha kazi kwa sababu yoyote au bila sababu, ilimradi sababu yenyewe haijakatazwa na sheria au mkataba. Na hakuna sheria inayomlazimisha bosi awe na adabu. Puerto Rico walipitisha sheria dhidi ya uonevu kazini mwaka 2020. Minnesota haina ya aina hiyo kwa makampuni binafsi.

Kinachokatazwa ni unyanyasaji unaotokana na jinsi ulivyo: rangi, dini, jinsia, asili ya taifa, umri, ulemavu na mengine ya namna hiyo. Sheria za shirikisho, ikiwemo ile ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, zinasema hivyo, na Sheria ya Haki za Binadamu ya Minnesota inasema hivyo pia. Hata hapo, unyanyasaji lazima uwe mzito au umeenea kiasi cha kubadilisha hali ya kazi yako. Mahakama ya Juu ya Minnesota iliombwa, katika kesi ya Kenneh dhidi ya Homeward Bound iliyoamuliwa Juni 2020, iache kutumia kipimo hicho. Ilikataa kukiacha. Ila iliwaonya majaji wa chini wasikigeuze kuwa ukuta: waangalie mazingira yote kwa ujumla wake, na pale ambapo watu wenye akili timamu wanaweza kutofautiana, waliachie baraza la wazee wa mahakama liamue. Kwa hiyo bosi anayemfokea kila mtu sawasawa, bila kuchagua, mara nyingi sheria hiyo haimgusi.

Basi barua husimama juu ya nini? Husimama juu ya kitabu cha mwongozo wa wafanyakazi, kile walichokupa siku ya kwanza ukakiweka kwenye droo. Nilikisoma usiku huohuo. Ndani yake mlikuwa na kifungu kinachosema wafanyakazi watatendeana kwa heshima, na kingine kinachosema makosa ya mfanyakazi yatazungumzwa naye faraghani. Niliporudi nikataja vifungu hivyo na kurasa zake, afisa yuleyule alifungua daftari na kuanza kuandika. Wafanyakazi wa serikali ya jimbo wana mahali pazuri zaidi pa kushika: ipo sera rasmi ya heshima kazini, namba 1432, na barua inaweza kuitaja moja kwa moja. Wenye chama cha wafanyakazi nao wana mkataba wenye ngazi za malalamiko na muda wake, na muda huo huwa mfupi mno. Wao waanze kwa mwakilishi wa chama.

2. Andika tukio, tabia yake waache waione wenyewe

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa ndefu na ilijaa sifa mbaya za mtu: katili, hana utu, anatudhalilisha kila siku. Afisa alinirudishia akiniambia kwamba hakuna hata sentensi moja humo anayoweza kuichunguza. Hawezi kumwita shahidi na kumuuliza kama fulani ana utu. Anaweza kumuuliza kama tarehe fulani, saa fulani, fulani alipiga meza.

Barua iliyokwenda mwishowe ilikuwa kurasa mbili. Iliandikwa kwa Kiingereza, lakini kiini chake kilikuwa hivi:

"Jumatatu tarehe 9, saa 3:30 asubuhi, tulikuwa kwenye mkutano wa timu katika chumba cha ghorofa ya tatu. Orodha ya madai yaliyokataliwa na bima ilionyeshwa kwenye skrini. Jina langu lilikuwa kwenye mistari minne. Msimamizi alisimama, akapaza sauti na kusema, 'Hata mtoto wa shule angeijaza fomu hii.' Nilianza kueleza kwamba madai mawili yalikataliwa kwa sababu kliniki haikuwa imetuma namba ya idhini. Alipiga meza kwa kiganja, akasema, 'Nyamaza, sijamaliza.' Kisha akaniamuru nisimame nisome makosa yangu kwa sauti. Nilisimama nikasoma. Madai mawili mengine yalikuwa makosa yangu, na niliyarekebisha siku hiyohiyo. Waliokuwepo wameorodheshwa hapa chini."

Tazama sentensi ile ya makosa mawili. Ilinichukua muda kukubali kuiweka, na ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote. Msimamizi yeyote akiulizwa kwa nini alifoka atasema alikuwa anasahihisha kazi mbovu. Ukificha makosa yako, uchunguzi utageuka kuwa uchunguzi wa kazi yako, na hapo ana hesabu zote mkononi. Ukiyataja wewe kwanza, utetezi huo unamwishia. Kinachobaki kujadiliwa ni namna alivyosahihisha: kwa sauti gani, mbele ya nani, kwa maneno gani. Tangu nianze kuzipokea barua hizi, sijaona mwandishi aliyeumia kwa kutaja kosa lake dogo. Nimeona wengi walioumia kwa kulificha.

Matukio matatu yaliyoandikwa hivyo yanatosha. Ukiweka kumi na tano, matatu yenye nguvu yatazama katikati ya yale dhaifu, na mchunguzi ataanza na lile dhaifu kuliko yote. Mengine yabaki kwenye daftari lako, na barua iseme tu kwamba kumbukumbu zake unazo. Mashahidi wataje kwa majina kama watu waliokuwepo, basi. Usiandike kwamba "wote tulikasirika," maana mmoja akisema yeye hakukasirika, umeonekana unatia chumvi.

Daftari liwe la nyumbani, na liandikwe siku ileile. Kuna kijana mmoja aliyeandika kumbukumbu zake kwa saa za Kiswahili, ikawa vizuri, mpaka alipozihamishia kwenye barua ya Kiingereza. Mkutano wa saa tatu na nusu asubuhi akauandika 3:30. Msimamizi wake akajibu, kwa ukweli kabisa, kwamba hakuna mkutano wowote uliofanyika saa hiyo. Kwa Kiingereza ilitakiwa iwe 9:30. Kosa hilo dogo likawa ndilo jambo la kwanza aliloulizwa kwenye mahojiano, naye akaingia kwenye mambo mazito akiwa tayari amepoteza utulivu.

Jihadhari pia na viambatisho. Ukifanya kazi hospitalini, kwenye nyumba ya wazee au kwenye ofisi ya bima kama mimi, picha ya skrini yenye jina la mgonjwa ikitoka nje ya ofisi ni tatizo kubwa kuliko kufokewa. Sheria ya faragha ya wagonjwa ya mwaka 1996, HIPAA, haijali kwamba ulikuwa unatafuta ushahidi. Usiitume kwenye barua pepe yako binafsi. Na habari ya kurekodi sauti: Minnesota inaruhusu mtu kurekodi mazungumzo ambayo yeye mwenyewe anashiriki, lakini kampuni inaweza kuwa na kanuni inayokataza na ikakuadhibu kwa kanuni hiyo. Tena kama mkutano ni wa mtandaoni na wengine wako majimbo mengine, sheria zao zinaweza kuwa tofauti. Mimi sikurekodi. Majina ya waliokuwepo yalitosha.

3. Barua haipiti kwa unayemlalamikia

Sisi tuliofunzwa uandishi wa barua za kiofisi Tanzania tunaijua ile mistari ya juu: kwa Mkurugenzi, halafu K.K., kupitia kwa mkuu wa idara. Mkono wangu uliiandika yenyewe. Nilikuwa nataka kumlalamikia mkuu wangu kwa barua inayopitia mezani kwake, aigongee muhuri kwanza!

Hapa utaratibu huo haupo. Mwongozo wa wafanyakazi kwa kawaida hutaja zaidi ya mtu mmoja wa kupelekewa malalamiko: afisa utumishi, mkuu wa msimamizi wako, wakati mwingine na namba ya simu ya siri. Chagua mmoja ambaye si mtuhumiwa wala swahiba wake wa chakula cha mchana. Tuma kwa barua pepe ili tarehe na saa zibaki, na uombe wakujibu kwamba wameipata. Nakala iliyochapishwa iwe nyumbani, kwa sababu siku wakikuzuia kuingia kwenye kompyuta ya ofisi, kila kitu kilichomo humo kimekwenda.

Na zile salamu ndefu, kwa heshima na taadhima, naomba radhi kwa kukuchukulia muda wako adhimu, ziache. Kwetu ni ungwana na mimi bado nazipenda. Lakini mchunguzi wa huku akisoma aya nzima ya kuomba radhi anaanza kujiuliza kama mlalamikaji mwenyewe ana hakika. Kichwa cha barua kiseme wazi kwamba haya ni malalamiko rasmi. Sentensi ya kwanza iseme dhidi ya nani na kuhusu nini.

4. Kama kuna sababu nyuma ya kelele, iandike. Kama haipo, usiitunge

Kulikuwa na tukio la pili ambalo sikuliweka kwenye rasimu ya kwanza kwa sababu ya aibu. Nilikuwa najibu swali mkutanoni, msimamizi akanikatiza: "Jifunze Kiingereza kwanza, ndipo unijibu." Watu wawili wakacheka. Matusi mengine niliyasimulia kwa mume wangu jioni ileile, lakini hili nilinyamaza nalo, kama vile lafudhi yangu ilikuwa kosa langu.

Hilo ndilo lililokuwa na uzito wa kisheria. Kumdhihaki mtu kwa lafudhi yake huunganishwa na asili yake ya taifa, na asili ya taifa inalindwa na sheria zote mbili, ya shirikisho na ya jimbo. Ile ya shirikisho inahusu waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi. Ile ya Minnesota inamgusa hata mwenye mfanyakazi mmoja. Kesi nzima haibadiliki kwa sentensi moja ya dhihaka, maana mahakama huangalia uzito na mara ngapi. Ila jambo moja hubadilika siku hiyohiyo. Mfanyakazi anayelalamika kwa nia njema kwamba anabaguliwa analindwa asilipiziwe kisasi, hata kama mwishowe ubaguzi wenyewe hautathibitika. Anayelalamika tu kwamba bosi ni mkali kwa watu wote hana ngao hiyo.

Kwa hiyo usimwachie msomaji akisie. Barua yangu ilisema: "Naamini maneno haya yalielekezwa kwangu kwa sababu ya asili yangu ya taifa." Bila sentensi kama hiyo, kampuni inaweza kusema baadaye kwamba haikujua kuwa ulikuwa unalalamikia ubaguzi.

Upande wa pili wa somo hili nilifundishwa nilipokuwa napokea. Kijana mmoja aliambiwa na rafiki zake aongeze neno la ubaguzi wa rangi ili barua "iwe na meno." Timu yake yote ilikuwa ya watu wa rangi yake, msimamizi akiwemo, na hakukuwa na neno lolote la namna hiyo lililowahi kusemwa. Mashahidi waliulizwa mmojammoja. Yale ya kufoka waliyathibitisha yote. Hilo la rangi hakuna aliyelijua. Msimamizi akalishikilia hilo moja, akasema mtu aliyedanganya hapa amedanganya na kule, na malalamiko ya kweli yakaingia doa ambalo halikuwa lake.

5. Sahihi mbili zina nguvu ambayo moja haina

Hili sikulijua nilipoandika ya kwangu, na ningelijua ningefanya vingine. Sheria ya Taifa ya Mahusiano Kazini ya mwaka 1935, kifungu cha 7, inawalinda wafanyakazi wanaochukua hatua pamoja kuhusu hali yao ya kazi, hata mahali pasipo na chama cha wafanyakazi. Wawili wakiandika kwa pamoja kwamba mikutano ya Jumatatu inaendeshwa kwa matusi na wanaomba ibadilishwe, hapo wameingia chini ya ulinzi huo, ingawa hakuna aliyebaguliwa. Yaani ule mwanya wa somo la kwanza, wa bosi anayemfokea kila mtu, huzibwa kwa sehemu na hili. Kwa kuwa anatufokea wote, basi tuandike wote.

Hapa Minnesota tumeuona umoja wa namna hiyo kwa macho. Wafanyakazi wa Afrika Mashariki, wengi wao Wasomali, katika ghala la Amazon kule Shakopee, walijipanga kupitia Kituo cha Awood kilichoanzishwa Minneapolis mwaka 2017. Walitoka kazini Desemba 2018, wakatoka tena Julai 2019 katika siku za mauzo makubwa. Hawakuwa na chama kilichotambuliwa na mwajiri. Madai yao yalikuwa kasi ya kazi na nafasi ya kuswali, si kufokewa, lakini mlango wa sheria ni uleule. Mwaka 2023 jimbo likapitisha sheria inayowalinda wafanyakazi wa maghala dhidi ya viwango vya kazi wasivyoelezwa.

Ulinzi huu una mipaka. Wasimamizi hawamo, wala wafanyakazi wa serikali, ambao wana sheria zao. Na lugha ya matusi ndani ya barua yenu inaweza kuwapotezea ulinzi huo. Zaidi ya yote, usitie jina la mwenzako kama mlalamikaji bila idhini yake. Tulikuwa na mwenzetu, dada mmoja Mhmong wa Saint Paul, aliyefokewa kuliko mimi. Alikuwa na mama mgonjwa aliyetegemea bima yake ya kazi, na aliniambia waziwazi kwamba hawezi kutia sahihi. Nilimtaja kama mtu aliyekuwepo, basi. Alipoitwa kuhojiwa alieleza kila kitu, kwa sababu kuulizwa na kampuni na kujibu ukweli ni jambo jingine kabisa na kujitokeza kulalamika.

6. Omba kitu ambacho mtu anaweza kukupa

Nilitaka afukuzwe. Afisa aliniambia kwa upole kwamba ombi hilo halimo mkononi mwangu na likikaa mwishoni mwa barua litafanya yote ya juu yasomeke kama vita. Niliomba mambo manne badala yake: makosa ya kazi yazungumzwe faraghani, majina yaondolewe kwenye orodha inayoonyeshwa mkutanoni, mkuu wa idara akae kwenye mikutano kwa kipindi fulani, na tathmini yangu ya mwaka ipitiwe na mtu mwingine pia.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa za kimya, na yalikuwa mistari michache: uchunguzi umekamilika, hatua stahiki zimechukuliwa. Hatua gani, sikuambiwa. Kwa kampuni binafsi ndivyo inavyokuwa. Adhabu ya mtu mwingine huchukuliwa kuwa siri yake. Niliumia, nikadhani wamenidharau. Lakini Jumatatu iliyofuata orodha ilikuja kwenye skrini ikiwa na namba za madai tu, hakuna jina, na mkuu wa idara alikuwa ameketi pembeni na kikombe chake cha kahawa. Msimamizi aliongea kwa sauti ya kawaida. Hakuniomba radhi, siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Nilipokuja kupokea barua za wengine nilielewa kwamba mabadiliko unayoyaona mkutanoni ndiyo jibu lenyewe, na yanapatikana kwa urahisi zaidi pale mlalamikaji alipoomba jambo la mkutanoni.

7. Baada ya barua, tazama faili na kalenda

Kisasi hakiji kwa kelele. Huja kama mwaliko wa mkutano ambao hukuupata, zamu iliyobadilishwa, tathmini iliyoshuka bila kazi yako kushuka. Yaandike yote kwa tarehe, kama ulivyoandika yale ya kwanza.

Sheria ya Minnesota inakupa haki ya kuliona faili lako la utumishi, kama mwajiri wako ana wafanyakazi 20 au zaidi. Unaomba kwa maandishi, mara moja kila miezi 6 ukiwa bado kazini, na wanatakiwa kukuonyesha ndani ya siku 7 za kazi, au 14 kama faili liko nje ya jimbo. Niliomba. Nilikuta karatasi ambayo sikuwahi kuiona, ikisema mimi ni mbishi mikutanoni, yenye tarehe ya siku chache baada ya tukio la meza. Sheria hiyohiyo inakuruhusu, mkishindwa kuelewana juu ya karatasi kama hiyo, kuweka maelezo yako yasiyozidi kurasa 5, na yabaki yameambatana nayo. Yangu yalikuwa nusu ukurasa.

Vijana wengi, wakishachoka, huacha kazi siku moja kwa hasira. Ninawaelewa, lakini wajue hili kwanza. Bima ya ukosefu wa kazi ya Minnesota kwa kawaida haimlipi aliyeacha kazi mwenyewe, ila akiwa na sababu nzuri iliyosababishwa na mwajiri. Na kama sababu yenyewe ni mazingira mabaya ya kazi, sheria inadai uwe umelalamika kwa mwajiri na kumpa nafasi ya kutosha ya kurekebisha kabla hujaondoka. Kutoridhika tu au kutoelewana na wakubwa hakutoshi. Barua yenye tarehe ndiyo inayoonyesha kwamba ulilalamika. Aliyeondoka kimya hana cha kuonyesha.

Wakikufukuza wao, una siku 15 za kazi za kuwaandikia ukidai sababu ya kweli, nao wana siku 10 za kazi za kukujibu.

Mwisho, usidhani kwamba barua ya ndani inasimamisha saa ya nje. Malalamiko ya ubaguzi kwa tume ya shirikisho ya fursa sawa za ajira, EEOC, ambayo ina ofisi Minneapolis, yanatakiwa ndani ya siku 300 tangu tukio. Kwa Idara ya Haki za Binadamu ya Minnesota ni mwaka 1. Kwa bodi ya mahusiano kazini, NLRB, kama mmelipiziwa kisasi kwa kuandika pamoja, ni miezi 6. Nimemwona mtu mwenye barua nzuri na mashahidi wazuri akisubiri majibu ya kampuni mpaka muda ukampita, na hakukuwa na la kumsaidia.

Kama barua yako iko tayari, usiipeleke kabla hujachukua kalenda. Hesabu siku 300 kuanzia tukio la kwanza uliloliandika, si la mwisho, zungushia tarehe hiyo alama, kisha bonyeza kutuma.